Simu inabadilisha majina na Kiswahili changu

Swali: Fundi, naandika meseji kwa Kiswahili simu inageuza maneno, jina la mdogo wangu Neema linatoka Need, nikirudia inageuza tena. Nimeifundisha maneno mengi lakini kila siku yanazuka mapya. Natumia Gboard kwenye Android.

Jibu: Dada, kibodi yako iko kwenye Kiingereza, ndo chanzo. Ukigusa spesi inalitafuta neno lako kwenye kamusi yake, isipoliona inadhani umekosea herufi na inaweka la karibu, na Neema kwa Need zinaanza sawa, nee.

Sasa kwa nini kufundisha hakuishi. Kamusi yako ya kwenye simu inashika neno zima vile ulivyoliandika, haijui kwamba nilimwambia na tulikuambia ni mzizi mmoja, kwa hiyo ukiifundisha nilimwambia, kesho tulimwambia kwake ni neno geni kabisa. Kiswahili kinabandika kila kitu kwenye kitenzi kimoja, nani kafanya, lini, kamfanyia nani, hutomaliza kuingiza moja moja hata ukikaa mwaka. Kwa hiyo usihangaike na vitenzi, iongezee simu lugha yenyewe. Fungua setingi za Gboard, ingia Languages, gusa Add keyboard, chagua Kiswahili. Halafu ukiwa unaandika shikilia spesi, chagua Kiswahili, hakikisha jina la lugha kwenye spesi limebadilika, maana wengi wanaongeza lugha halafu wanaendelea kuandikia ile ya zamani.

Hata hapo vitenzi virefu vingine vitaguswa tu. Mimi kwa mtu anayechanganya lugha kama wengi wetu naona bora azime kabisa Auto-correction, iko ndani ya Text correction, ila yale maneno yanayotokea juu ya kibodi ayaache. Hapo simu inapendekeza tu, kuamua unaamua wewe.

Kufundisha kubakize kwa majina, maana jina halinyambuliki. Rudi kwenye setingi, Dictionary, Personal dictionary, chagua All languages, gusa alama ya kujumlisha, andika Neema na N kubwa, na chini kwenye shortcut unaweza kuweka nm ukitaka, ukiandika nm jina linapendekezwa. Ukiliweka chini ya Kiingereza peke yake, ukihamia Kiswahili halitakufuata, ndo maana nasema All languages.

Na kama siku za nyuma uliwahi kukosea ukaandika Neeema mara kadhaa, nayo inaweza kuwa imejifunza hiyo. Ikitokea juu ya kibodi ishikilie kwa kidole, iburute mpaka kwenye alama ya pipa la taka. Usibonyeze ile ya kufuta vyote vilivyojifunzwa, itaondoka na yale mazuri pia.

Ikigeuza tena kabla hujazima, gusa kitufe cha kufuta mara moja papo hapo kabla hujaandika kingine, mara nyingi neno lako linarudi.