Taa ya jikoni inachelewa masaa matatu

"Tangu nirisiti hab inayoendesha taa za nyumba, taa ya jikoni niliyoseti saa 11 alfajiri yawaka saa 2 asubuhi, lakini ya barazani inayozimika jua likichomoza iko sawa. Tatizo?"

Ndugu yangu, taa haina kosa, hab imerudi saa za kimataifa za UTC na sisi Mombasa tuko masaa matatu mbele, ile ya jua haikuyumba kwa sababu yapigiwa hesabu na lokesheni ya nyumba sio saa ya ukutani. Ingia setingi za saa, chagua `Africa/Nairobi`, uzime uwashe. Usifanye nilivyofanya mimi, niliseti `02:00` ili iwake 11, siku zoni ya saa iliporekebishika taa ikawaka saa 8 usiku, mke wangu akadhani mwizi. Ile ya jua ikiharibika yenyewe, hapo kagua lokesheni.