Onyo jekundu la ruta: maswali ya wasomaji

Nilitaka kubadilisha paswedi ya waifai ya nyumba yangu ya wageni. Nikaandika 192.168.1.1, ikaja pembetatu nyekundu: "Your connection is not private". Nimeshaingiliwa? (Jambiani)

Hapana, bibie. Brauza inasema tu kwamba haimjui aliye upande wa pili. Tovuti ya benki huonyesha cheti kilichotiwa saini na taasisi ambayo brauza inaiamini. Ruta yako imejitilia saini yenyewe, mfano wa mtu kujiandikia barua ya utambulisho bila ya kupita kwa sheha. Wala cheti cha kuaminika huipatii: 192.168.1.1 ni anwani ya ndani, imo majumbani mwa watu chungu nzima, na taasisi hizo hazizitolei vyeti anwani za namna hiyo.

Basi sheha uwe wewe. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt, uandike:

```
ipconfig
```

Tazama mstari wa Default Gateway, ndiyo anwani ya ruta yako. Ikiwa namba ni ile ile uliyoiandika, na waifai ni yako, bonyeza Advanced, halafu "Proceed to 192.168.1.1 (unsafe)". Maneno "Not secure" yatabaki pale juu; yaache. Kwa kuwa wageni wako nao wamo kwenye waifai hiyo hiyo, mimi ningechomeka waya kwenye tundu la LAN kabla ya kuandika paswedi yoyote.

Onyo hilo hilo likikutokea ukiingia benki, funga ukurasa. Hilo halirukwi.

Mimi nina simu tu. Ukurasa unazunguka, haufunguki. (Wete)

Zima data ya simu kwanza, na VPN kama unayo. Ruta ikikosa intaneti, na aghalabu ndipo mtu anapotaka kuingia humo, simu huikimbia waifai na kupitishia kila kitu kwenye bando, ambako anwani hiyo haina mwenyewe. Kisha ingia kwenye mipangilio ya waifai, gonga jina la mtandao wako, utafute Gateway. Kijana wa mtaani kwangu alihangaika na 192.168.1.1 tangu asubuhi. Ruta yake ilikuwa 192.168.8.1.

Ruta yangu kongwe inatoa ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH, hakuna hata pa kubonyeza. (Fumba)

Hiyo inazungumza lugha ya zamani. Tangu 2020 brauza kubwa zimekuwa zikiachana na matoleo ya zamani ya lugha hiyo ya usalama, TLS 1.0 na 1.1, na huenda ruta yako haijui nyengine. Andika anwani kamili, ukianza na http:

```
http://192.168.0.1
```

Weka namba ya Gateway yako, si lazima hiyo. Brauza ikikurudisha kwenye https, zima kwa muda mpangilio wa kulazimisha miunganisho salama. Ukishaingia, tafuta sehemu ya kusasisha programu ya ruta. Ikiwa mtengenezaji hatoi tena masasisho, usiitie fedha nyengine, nunua mpya.