Jibu linaukubali mlinganyo lakini linaikataa y(0): kosa liko kwenye visehemu

*"Wakuu, naombeni msaada. Swali ni y'' + 3y' + 2y = e^(-t), y(0) = 1, y'(0) = 2, na limetakiwa kufanywa kwa mgeuzo wa Laplace. Nimefika kwenye visehemu nikapata y = t·e^(-t) − 2e^(-2t). Nikilirudisha jibu kwenye mlinganyo linakubali kabisa, lakini nikiweka t = 0 napata −2 badala ya 1. Nimekosea wapi?"*

Ndugu, kabla ya kugawa visehemu kazi yako ilikuwa sahihi, na hata namba mbili ulizozipata, 1 na −2, ni sahihi. Kilichopotea ni kisehemu kimoja ambacho hukukiandika. Nalifahamu kosa hili kwa sababu nililifanya mwenyewe nikiwa mwaka wa pili chuoni, na baadaye, nilipokuwa nasaidia kusahihisha mazoezi, nililikuta tena na tena kwenye karatasi za wengine.

Tuanze pale masharti ya mwanzo yanapoingilia. Mgeuzo wa upande mmoja ni intigrali ya e^(-st)·y(t) kuanzia t = 0 hadi ukomo usio na mwisho. Ukiweka y' mahali pa y na kuifanya intigrali hiyo kwa sehemu, ncha ya juu inatoweka iwapo s ni kubwa ya kutosha, lakini ncha ya chini inakuachia −y(0). Ukirudia kwa y'' unapata mstari wa pili:

```
y'   →  sY − y(0)
y''  →  s²Y − s·y(0) − y'(0)
```

Kwa swali lako, y'' inatoa s²Y − s − 2, na 3y' inatoa 3sY − 3. Ukihamishia namba hizo upande wa kulia, ambako tayari kuna 1/(s+1) iliyotokana na e^(-t), unabaki na hesabu ya kawaida ya aljebra:

```
(s+1)(s+2)·Y = s + 5 + 1/(s+1)

Y = (s² + 6s + 6) / ((s+1)²(s+2))
```

Hapa ndipo pa kutulia. Mlinganyo wenyewe ulikuwa na kigawo (s+1) kimoja, na nguvu ya nje, e^(-t), ikaleta kingine cha aina ileile, kwa hiyo kwenye asili kuna (s+1) mara mbili. Nadhani uliandika B/(s+1)² na C/(s+2) peke yake, ukafunika kigawo kimoja baada ya kingine kwa ile njia inayoitwa ya Heaviside, ukapata B = 1 kwa kuweka s = −1 na C = −2 kwa kuweka s = −2. Njia hiyo haikukudanganya kuhusu namba hizo mbili, ila haina uwezo wa kukuonya kwamba kuna ya tatu.

Namna ya kujionea upungufu huo ni kuzidisha visehemu vyako viwili kwa asili yote na kuvilinganisha na kiasi:

```
B(s+2) + C(s+1)²  =  s² + 6s + 6
```

Upande wa kushoto s² inatoka kwa C pekee, hivyo mlinganisho huu unadai C = 1, ilhali kufunika kumekupa C = −2. Namba moja haiwezi kuwa vyote viwili. Kiasi cha kipeo cha pili kina vizigeu vitatu, kwa hiyo kinahitaji namba tatu za kutafutwa, na kigawo kilichojirudia lazima kiandikwe kwa kila kipeo chake: A/(s+1) na B/(s+1)². Ukiongeza A, vizigeu vya s² vinasema A + C = 1, hivyo A = 3, na jibu linakuwa:

```
y = 3e^(-t) + t·e^(-t) − 2e^(-2t)
```

Ukiweka t = 0 unapata 3 − 2 = 1, na y'(0) inakuwa −3 + 1 + 4 = 2.

Sasa kuhusu jambo lililokuchanganya, kwamba jibu lako lenye kosa liliukubali mlinganyo. Lilikuwa lazima liukubali, kwa sababu kipande kilichodondoka, 3e^(-t), kinatoa sifuri kikiwekwa kwenye y'' + 3y' + 2y. Ukikiongeza, ukikiondoa au ukikizidisha kwa namba yoyote, upande wa kulia unabaki e^(-t) uleule. Kwa hiyo kulirudisha jibu kwenye mlinganyo kunapima t·e^(-t) tu, wala hakuwezi kupima vizigeu vya e^(-t) na e^(-2t), ambavyo vinaamuliwa na masharti ya mwanzo pekee.

Na hata y(0) peke yake haitoshi. Mimi kosa langu lililonigharimu zaidi lilikuwa kusahau ile −3 inayotoka kwa 3y', kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye y''. Ukifanya hivyo kwenye swali hili, kiasi kinakuwa s² + 3s + 3, unapata A = 0, B = 1, C = 1, na jibu ni t·e^(-t) + e^(-2t). Linapendeza, linaukubali mlinganyo, na ukiweka t = 0 linakupa 1 kama ulivyoagizwa. Linaanguka kwenye y'(0) tu, ambayo inatoka −1 badala ya 2, na tofauti hiyo ya 3 ndiyo ile ile −3 iliyosahauliwa. Ukiona y'(0) imepotoka kiasi hicho hasa, huna haja ya kuanza upya: rudi kwenye mstari wa mgeuzo wa y'.

Tangu hapo mimi siunganishi upande wa kulia kuwa sehemu moja, ingawa vitabu vingi hufanya hivyo. Naacha masharti ya mwanzo upande wake na nguvu ya nje upande wake:

```
(s+5)/((s+1)(s+2))   →  4e^(-t) − 3e^(-2t)
1/((s+1)²(s+2))      →  −e^(-t) + t·e^(-t) + e^(-2t)
```

Kipande cha kwanza lazima kianze na 1 na mwendo wa 2, na kweli 4 − 3 = 1, na −4 + 6 = 2. Kipande cha pili lazima kianze na sifuri kwa vyote viwili, na ndivyo kilivyo: −1 + 1 = 0, kisha 1 + 1 − 2 = 0. Kosa likitokea unajua limo katika kipande kipi, na ukivijumlisha unapata lile jibu la juu. Uandishi unaongezeka kidogo, lakini mkanganyiko unapungua sana.

Angalia pia kwamba haya yote yanategemea masharti kutolewa kwenye t = 0. Mwalimu akikupa y(1) na y'(1), usiziweke kwenye fomula za juu moja kwa moja. Weka kwanza u = t − 1, andika e^(-t) kama e^(-1)·e^(-u), suluhisha kwa u, kisha rudisha t mwishoni.