Maswali na Majibu: Miguu Inayoteleza na Upanga Usio na Uzito

Mhusika wangu wa gemu ana urefu wa pikseli 32. Nimchoree fremu nne za kutembea au nane?

Nane, na usiogope, kwa sababu kazi halisi ni michoro minne. Wa kwanza kisigino cha mbele kinagusa ardhi na miguu imeachana kabisa. Wa pili uzito unashuka, goti linakunjika, kichwa kinazama pikseli moja. Wa tatu miguu inapishana. Wa nne mwili unainuka na kichwa kinapanda pikseli moja. Fremu nne zinazobaki ni hizo hizo, ila mguu wa karibu na wa mbali vimebadilishana rangi, mikono pia. Mguu wa mbali upake rangi iliyokoza zaidi, la sivyo mtazamaji hatajua upi ni upi. Kwa mhusika wa pikseli 16, fremu nne zinatosha: kugusa, kupishana, kugusa, kupishana.

Kwenye Aseprite, programu ninayochorea, anatembea vizuri, nikimweka kwenye gemu anateleza kama sakafu imemwagiwa sabuni. Nimeweka milisekunde 100 kila fremu, na kasi ni pikseli 60 kwa sekunde.

Michoro yako haina kosa, hesabu ndiyo imekosana. Weka nukta nyekundu kwenye ncha ya kiatu kilichokanyaga chini, kisha hesabu inarudi nyuma pikseli ngapi kutoka fremu moja hadi nyingine. Tuseme ni 3. Kwa milisekunde 100 kila fremu, mguu unasukuma ardhi pikseli 30 kwa sekunde, wakati gemu inamburuta kwa 60. Nusu ya safari yake ni kuteleza.

Wengi hukimbilia kupunguza muda hadi milisekunde 50. Hesabu itakubali, lakini atapiga hatua tano kwa sekunde, kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mimi ningerekebisha pande zote mbili. Panua hatua ili mguu urudi pikseli 4 kila fremu, halafu shusha kasi ya gemu hadi 48. Gawanya 4 kwa 48 unapata milisekunde 83. Namba hiyo ina faida nyingine: skrini ikichorwa mara 60 kwa sekunde, milisekunde 83 ni michoro mitano kamili ya skrini, kwa hiyo hakuna fremu itakayokaa muda mrefu kuliko jirani yake. Sasa anapiga hatua tatu kwa sekunde, mwendo wa mtu mwenye shughuli zake.

Ukitaka kuhakikisha, mtembeze juu ya sakafu yenye mistari ya wima. Kiatu kilichokanyaga mstari kinapaswa kubaki juu yake mpaka kinyanyuke.

Nimechora fremu kumi za kupiga upanga, laini kabisa, lakini pigo halina uzito. Niongeze fremu?

Punguza. Fremu kumi za milisekunde 100 ni sekunde nzima. Mchezaji amebonyeza kitufe, anangoja kama yuko foleni. Na ulaini wenyewe ndio unaoua pigo, maana upanga unapita angani kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Niliwahi kuchora kumi na mbili, nikaishia kutumia tano.

Tano hizo nizipange hivi: upanga nyuma ya bega, milisekunde 83. Kisha fremu moja tu ya ufagio, ule utepe mweupe wa upinde unaofuata makali, milisekunde 33. Halafu upanga umefika mbele, mwili umeinama, milisekunde 100. Mwisho fremu mbili za kurudi, 83 kila moja. Jumla haifiki milisekunde 400. Kati ya bega na mbele usichore upanga ukiwa katikati ya njia. Jicho litaujaza lenyewe, na hapo ndipo uzito unapozaliwa. Adui aumie kwenye fremu ya ufagio na ya pigo pekee, kamwe si kwenye ya maandalizi. Pigo likimpata, gandisha wote wawili kwa milisekunde 67. Utashangaa.

Adui naye nimpe muda huo huo?

Hapana. Macho ya mchezaji yanahitaji kama robo sekunde kuona na kidole kuitikia. Adui ashike upanga nyuma kwa milisekunde 400 hadi 500, ukimtetemesha pikseli moja kushoto na kulia asionekane kama gemu imekwama. Huhitaji mchoro mpya, ni muda tu.

Akimaliza kupiga huku anatembea, miguu inaruka ghafla.

Unamrudisha kwenye fremu ya kwanza ya kutembea, ambako miguu imeachana kabisa. Mrudishe kwenye ya tatu, ya kupishana, kwa kuwa ndiyo inayofanana zaidi na mtu aliyesimama. Fremu ya mwisho ya pigo nayo ichorwe miguu ikiwa karibu karibu.