Usimsaidie mkeo, chukua jambo zima

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na mume wangu anafanya kazi bandarini kwa zamu. Tunakaa Makorora na watoto wetu wawili, pamoja na dada anayetusaidia kazi. Mume wangu si mtu wa kukaa akisubiri kutengewa. Anaosha vyombo, anaogesha watoto, na siku ya mapumziko utamkuta uani na beseni lake anafua. Mashoga zangu wananiambia nimepata, na kweli nimepata. Ndiyo maana ilituchukua muda kuelewa kwa nini usiku yeye akilala amelala, na mimi nipo macho nahesabu: gesi itafika Ijumaa? Mtoto kliniki lini? Mchango wa harusi ya binamu yake nani ametoa?

Tulipokaa kulizungumza tuliona kwamba kazi za mikono tumegawana vizuri tu. Ambazo hatukugawana ni zile za kichwani. Mwaka 2019 mwanasosholojia wa Marekani, Allison Daminger, alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na jozi 35 za wenza, na akaigawa kazi hii katika hatua nne: kuona mapema kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, na kufuatilia mpaka kimekamilika. Kuamua, wenza wengi walikuwa wanafanya pamoja. Kuona mapema na kufuatilia ndiko kulikowaelemea zaidi wanawake. Niliposoma hapo nilielewa kwa nini waume wengi wanaapa kwa dhati kwamba nyumbani wanashirikiana. Wanaulizwa, wanatoa maoni, wanakubali. Hawamwoni yule aliyelileta jambo mezani kabla halijaharibika, wala yule atakayelikumbuka kesho kutwa.

Chukua mtungi wa gesi. Kwa macho ya mgeni, kazi ya gesi ni kuupakia mtungi kwenye bodaboda, kubadilisha na kurudi. Hiyo mume wangu alikuwa anaifanya miaka yote, na akiambiwa tu anaondoka. Lakini kazi yenyewe inaanza siku nyingi kabla. Lazima mtu ajue mtungi uliwekwa lini, ajue kwamba wiki hii tumechemsha maharage mara mbili na gesi imekwenda, aone kwamba mshahara unaingia baada ya siku kadhaa na pesa ya gesi itengwe sasa. Mtu huyo ndiye anayemwagia mtungi maji ya moto ubavuni, kisha anapitisha kiganja kutoka juu kushuka chini. Pale joto linapokatika na bati kuwa la baridi, ndipo gesi ilipoishia. Ukiukuta ubaridi umebaki kitakoni tu, umebakiwa na siku chache. Yote hayo nilikuwa nayafanya mimi, halafu yeye anatumwa. Kutumwa ni kazi ya dakika 20.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: msigawane kazi, gawaneni mambo. Anayechukua gesi anaichukua kuanzia kiganja kwenye mtungi mpaka pesa yake. Anayechukua umeme ndiye anayeangalia uniti kwenye mita ya LUKU na kununua kabla hazijakatika. Hasubiri mtu apige kelele jikoni kwamba giza limeingia.

Mtauliza mzigo huu ulikujaje kichwani mwangu peke yangu, wakati wote tunatoka asubuhi na wote tunalipwa. Kwetu ulianza na mtoto wa kwanza. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Siku 3 hazitoshi hata kujua mtoto analia kwa njaa au kwa tumbo. Katika zile siku 84 nilijifunza kila kitu: nepi zinakaa wapi, homa ikipanda unafanya nini, muuguzi gani anasikiliza. Niliporudi kazini ule ujuzi ulirudi nami, na kila aliyetaka kujua jambo la mtoto aliniuliza mimi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ila kikishakaa miaka miwili, kinaonekana ndivyo kilivyoumbwa.

Kuujua mzigo wako ulivyo, fanya hivi. Jifanye unakwenda semina Korogwe siku nne na simu yako haitapatikana. Chukua daftari, andika kila kitu ambacho ungemwachia mwenzio maelezo. Usiandike "chakula". Andika kwamba mkubwa hali dagaa, kwamba nazi zimebaki mbili, kwamba muuza samaki wa Mgandini tunayemwamini hafiki mapema, kwamba Jumatano mtoto anavaa nguo za michezo na bado hazijafuliwa. Kisha mwenzio naye aandike ya kwake, kama ndiye anayesafiri. Sisi tulipoweka madaftari sambamba hatukuhitaji kubishana. La mume wangu lilikuwa na pikipiki, kodi ya nyumba na bomba la uani linalovuja. Langu lilikuwa limegeuzwa ukurasa. Alilisoma kimya, halafu akauliza, "Na haya yote unayakumbuka bila kuandika?"

Tulianza na jambo moja tu, kliniki ya mtoto mdogo, na nawashauri nanyi msianze na kumi. Nilichagua kliniki kwa sababu ni jambo linalosahaulika kirahisi. Mtoto akiwa mchanga chanjo zinafuatana: akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hapo hakuna anayesahau. Chanjo ya surua na rubela ya kwanza ni miezi 9, na ya pili ni miezi 18. Katikati hapo mtoto ametembea, hana homa, na kadi imeshuka chini ya kabati. Wengi wanaona ya pili si lazima, wakati kuna watoto ambao ile ya kwanza haikuwajengea kinga, na ya pili ndiyo inayowaokoa.

Kukabidhi kulikuwa hivi. Nilimpa kadi yenyewe mkononi, akaiweka kwenye droo yake pamoja na vyeti vyake vya kazi. Tulikubaliana kiwango: chanjo ipatikane ndani ya wiki ile inayotakiwa, na nyuma ya kadi pasomwe uzito uliandikwaje. Basi. Siku gani aende, apande bajaji au pikipiki, aombe ruhusa au abadilishane zamu na mwenzake, hayo ni yake. Na mimi nikanyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakoshinda wengi. Ukisema "chukua kliniki" halafu kila Jumatatu unauliza "umekumbuka kliniki?", bado kliniki ni yako, maana kufuatilia ni sehemu ya kazi na umebaki nayo. Mwenzio naye haanzi kukumbuka, kwa kuwa anajua utamkumbusha. Dalili ni rahisi kuiona: akikuuliza "kwani ni lini?", jambo halijahama. Mjibu, "Kadi unayo wewe," na uishie hapo. Mume wangu alimpeleka mtoto siku ambayo mimi nisingeichagua, na walirudi mchana wa jua kali bila kofia. Sikusema neno kuhusu kofia. Chanjo imepatikana, uzito ameusoma, tena ameniambia muuguzi amesema tumwongezee mboga za majani. Kiwango tulichokubaliana kimetimia.

Ila kiwango mkipange kabla, na kiwe cha haki kwa wote wawili. Nyumba ikipigwa deki kila siku kwa sababu wewe ndivyo ulivyolelewa, huwezi kumlaumu anayeona mara tatu kwa wiki zinatosha. Mzungumze, mkutane mahali. Kwenye afya ya mtoto, ada na chakula msilegeze. Kwenye namna ya kukunja mashuka, legeza.

Watu wanasema, si mna dada? Dada anapunguza kazi za mikono na anaongeza za kichwani. Lazima mtu aamue leo kinapikwa nini na aache pesa ya soko. Lazima mtu ajue mshahara wake unalipwa lini, ajue anaumwa au ana mawazo, amtafutie nauli ya kwenda kwao Idd na apange nani atabaki na watoto. Kwetu mambo ya dada nimebaki nayo mimi, kwa kuwa ananieleza mimi shida zake na hilo ni sawa. Lakini yale ya "leo tunapika nini?" tumeyagawa kwa wiki: wiki ambayo mume wangu hana zamu ya usiku, chakula ni chake kuanzia kupanga mpaka soko. Wiki hiyo tunakula mihogo na samaki zaidi ya kawaida, na hakuna aliyekonda.

Zamu za usiku ni kikomo cha kweli, sikifichi. Mtu aliyetoka bandarini asubuhi hawezi kukabidhiwa jambo la saa moja asubuhi. Tunampa yale yasiyojali saa: gesi, umeme, ada, kliniki. Ijumaa baada ya chakula cha usiku tunatazama kalenda ya ukutani na ratiba yake ya zamu, kila mtu anataja yaliyo kwake, na kama jambo limegongana na zamu linahama waziwazi na siku ya kurudi inatajwa.

Halafu kuna watu wa nje, na hapa mwanaume mwenyewe lazima afanye kazi. Shuleni namba iliyoandikwa ya mzazi ilikuwa yangu, kwa hiyo mtoto akiumwa tumbo ninapigiwa mimi nikiwa darasani kwangu. Mume wangu alikwenda mwenyewe ofisini kuandikisha yake iwe ya kwanza, na akaomba aingizwe kwenye kundi la wasapu la wazazi wa darasa. Mama mkwe alipokuja akamkuta mwanawe anakuna nazi, alishtuka, "Baba, mkeo anaumwa?" Aliyejibu ni mume wangu: "Hapana mama, wiki hii jiko ni langu." Ningejibu mimi ingekuwa ugomvi wa mkwe na mkwe. Amejibu yeye, mama akavuta kibao akamwonyesha namna ya kukamua tui la kwanza.

Lililobaki gumu ni mambo ya ukoo: michango, sare za harusi, kumjulia hali mgonjwa, kujua nani amefiwa. Tumekubaliana kila mtu ashike upande wake. Mawifi bado wananipigia mimi kuuliza mchango wa kaka yao. Nawasalimia, nauliza hali za watoto, kisha nawaambia wampigie mwenyewe, kesho hayuko zamu.