Mataa yamezimika, trafiki yuko katikati: majibu kwa madereva

Umeme ukikatika pale Mwenge, trafiki anapunga mikono hadi nachanganyikiwa. Nianze kuangalia nini? (Dereva mpya, Sinza)

Anza na mwili wake, mikono ifuate. Ukiona kifua au mgongo wake, mara nyingi upande wako ndio uliofungwa. Ukimwona ubavu, huenda upande wako ndio unaopita au unakaribia kupewa nafasi. Hiyo ni dalili tu. Usiondoke kwa sababu ya ubavu peke yake, ngoja mkono.

Mikono ya kusimamisha ni miwili. Mkono ulioinuliwa juu wima, kiganja kikitazama mbele, unawasimamisha wanaomjia kwa mbele. Mkono ulionyooshwa kando, sawa na bega, kiganja kikiwa mbele, unawasimamisha wanaomjia kwa nyuma. Huu wa pili ndio unaowaponza wengi. Dereva anaona mgongo wa trafiki na mkono umenyooka pembeni, anadhani ameonyeshwa njia ya kukata kona, kumbe amefungiwa. Trafiki akifanya yote mawili pamoja, mmoja juu na mwingine kando, amefunga mbele na nyuma kwa mpigo mmoja.

Mkono wa kuita una mwendo, na hapo ndipo utautofautisha. Kiwiko kinakunjwa na kukunjuliwa, kiganja kikielekea kwake. Kama uko ubavuni mwake, kwanza atanyoosha mkono kuelekea upande wenu, kisha ataukunja kama anayevuta kitu. Kwa hiyo mkono uliotulia unasimamisha, na mkono unaovuta unaita.

Alinisimamisha, kisha akashusha mkono. Nikaondoka, akanifokea vibaya. Kosa langu nini? (Dereva wa bajaji, Temeke)

Mkono ulishuka lakini amri ilibaki palepale. Trafiki ana mikono miwili na njia nne za kuongoza, hawezi kukuinulia wewe kiganja dakika tatu nzima. Akishakusimamisha na kuona umetulia, anauchukua mkono uleule kwenda kuita upande mwingine. Wewe unabaki umesimama mpaka akuite.

Kosa hili hutokea zaidi kwa gari la tatu au la nne kwenye foleni, ambalo halikuuona mkono ulipoinuliwa. Dereva wake anafika, anamwona trafiki ameshusha mikono, anachepuka kulia kupita waliosimama. Ukikuta wenzako wamesimama kwenye mstari na trafiki amewapa kifua au mgongo, chukulia kwamba mkono ulishapita kabla hujafika.

Natoka Ubungo kwa barabara ya Sam Nujoma, nikifika Mwenge nataka kukata kulia kuelekea Morocco. Mataa yamekufa. Nifanyeje hatua kwa hatua? (Mfanyakazi wa ofisini, Kimara)

Kazi inaanza kabla hujamfikia trafiki. Ukiona mataa hayawaki, shusha mwendo hadi kama kilomita 30 kwa saa. Ukiwa kwenye 50, gari dogo kwenye lami kavu linahitaji karibu mita 25 hadi 30 tangu uone mkono hadi lisimame kabisa, na mkono wa trafiki hautanguliwi na taa ya njano. Ingia njia ya kulia mapema na uwashe indiketa ya kulia hapohapo. Indiketa ndiyo inayomwambia trafiki unakotaka kwenda. Wasioiwasha huitwa pamoja na wanaonyoosha, kisha wanakwama katikati wakiwaziba wote.

Simama kwenye mstari. Kama umefutika, simama kabla ya kivuko cha pundamilia. Akiita upande wa Ubungo, kabla ya kuachia breki tazama mbele, upande wa barabara ya Coca-Cola. Kama nao wameitwa na magurudumu yao yanazunguka, wewe unayekata kulia unawapisha. Sogea hadi karibu na katikati bila kukata kona, acha magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka, ngoja. Ukiyapinda mapema halafu ukagongwa nyuma, gari litasukumwa moja kwa moja mbele ya wanaokuja.

Kama wenzenu wa mbele wamefungwa, trafiki ameamua kuutoa upande wenu peke yake, nawe utakata bila kungoja. Pita pale anapokuonyesha kwa mkono, taratibu, ukimpa nafasi. Yeye hurudi nyuma hatua moja au mbili bila kugeuka.

Ikitokea umeshafika katikati unangoja, naye akainua mkono, usikanyage breki ukabaki hapo. Mkono ule ni kwa walio kwenye mistari. Anataka katikati pawe patupu kabla hajaita upande mwingine, kwa hiyo mwangalie, wa mbele wakisimama, maliza kona yako.

Mataa yakirudi ghafla na kuniwashia kijani, trafiki bado amenyoosha kiganja, namfuata nani? (Tabata)

Trafiki. Akiwepo anaongoza, ishara yake ipo juu ya taa, juu ya alama na juu ya michoro ya barabarani, hata taa zikiwa nzima. Taa zilizorudi zinaanza mzunguko wake bila kujua nani ameachwa katikati. Zifuate pale atakapotoka kwenye makutano na kusimama pembeni.

Ananiita kwa nguvu, lakini mbele foleni imeziba. Niende tu? (Dereva wa daladala, Mbagala)

Kuitwa ni ruhusa ya kupita, haimaanishi ukajaze katikati. Kama gari lako lote halitaenea ng'ambo ya makutano, baki kwenye mstari na umwonyeshe kwa kiganja kwamba mbele pamejaa. Kutoka alipo, mara nyingi basi kubwa linamkinga asione mwisho wa foleni. Honi haina kazi hapo. Akisisitiza kwa kukuonyesha sehemu maalumu ya kusogea, sogea hapo hapo, maana huenda anafungua njia ya gari la wagonjwa.

Naendesha lori la Dar hadi Kigali. Ishara ni zilezile nikivuka Rusumo? (Dereva wa masafa)

Hapana, na si upande wa kuendeshea peke yake unaobadilika. Rwanda, mkono ulioinuliwa wima unawasimamisha watumiaji wote wa barabara, kutoka kila upande, isipokuwa walio ndani ya makutano, ambao wanatakiwa watoke. Ukiuona kwa ubavu usijiambie kwamba ni wa waliomkabili tu, kama ulivyozoea Tanzania. Mikono iliyonyooshwa kando inawafunga wanaokuja mbele na nyuma yake, yaani wanaokatiza mstari wa mikono hiyo.

Usiku je, na mkono hauonekani? (Bodaboda, Goba)

Tazama tochi. Mwanga mwekundu unaoyumbishwa kuelekea kwako ni wa kusimama. Punguza taa zako ziwe za chini mita nyingi kabla hujamfikia, kwa sababu trafiki aliyemulikwa machoni hawezi kuona indiketa yako, na bodaboda yenye taa moja kali humpotea kabisa.