Barua ya mwanariadha kwa mdhamini: maswali yenu kuhusu chapa na maadili

Nakimbia mita 800, nina miaka 18. Barua yangu inaanza na historia yangu tangu utotoni. Inafaa?

Historia isubiri. Anayefungua barua anataka kujua mapema wewe ni nani, umefika kiwango gani na unaomba nini. Mwanzo kama huu unatosha: "Nakimbia mita 800. Muda wangu bora ni 2:08.40, nilioupata msimu huu. Msimu uliopita ulikuwa 2:11.90. Naomba mnidhamini viatu na nauli za mashindano ya msimu ujao."

Ule muda wa msimu uliopita usiuache. Kwa chipukizi asiye na medali, ndio unaoonyesha kwamba anapanda. Andika muda wa mashindano rasmi tu, maana matokeo hutafutwa na kulinganishwa. Ule ambao kocha aliupima mazoezini kwa saa ya mkononi hauhesabiki.

Niliandika kwamba maadili yangu ni nidhamu, bidii na uadilifu. Kocha akasema hayana uzito. Nibadilishe nini?

Kocha amesema kweli: mwanariadha yeyote anaweza kuyaandika maneno hayo, kwa hiyo hayamwambii mdhamini lolote kukuhusu. Baki na moja, kisha eleza linakufanya utende nini na ukatae nini.

Tuchukue uadilifu. Kwa kanuni za WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, mwanariadha anawajibika kwa dawa yoyote iliyopigwa marufuku itakayokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia kuitumia. Na virutubisho vingine huwa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye kopo. Ukilijua hilo, unaweza kuandika hivi: "Situmii kirutubisho ambacho maabara huru haijakipima, na sitatangaza bidhaa ya kumeza ambayo mimi mwenyewe siitumii. Kamari na pombe pia sitangazi, kwa kuwa wengi wanaonifuata ni wanafunzi."

Sentensi hizo mbili zitakufungia milango kadhaa, na ni heri ifungwe sasa kuliko baada ya kusaini. Kwa kampuni inayouza bidhaa za familia, hizo hizo zinapunguza hofu yake kubwa, yaani kuona jina lake limebandikwa kwa mtu atakayeliaibisha.

Mfano mzuri ni Allyson Felix, mkimbiaji wa Marekani. Mwaka 2019 alieleza hadharani jinsi mazungumzo yake ya mkataba na Nike yalivyokwama kwenye ulinzi wa malipo ya mwanariadha aliyejifungua. Mwaka huo huo akasaini na Athleta, kampuni ya mavazi ya wanawake. Msimamo wake ulijulikana kwa jambo moja mahususi, na kampuni iliyofanana nao ikampata.

Kabla ya kutuma, pitia kurasa zako za mtandaoni hadi za zamani kabisa. Mdhamini atazipitia, na picha moja inayopingana na barua itaaminiwa kuliko barua.

Nina wafuasi 1,900 tu. Nifiche idadi?

Itaje, halafu useme ni akina nani. Takwimu za akaunti yako zinaonyesha umri wao na wanakoishi. Wasichana 1,900 wanaokimbia wana thamani kwa muuza viatu kuliko umati usiojulikana. Usinunue wafuasi: akaunti yenye maelfu ya watu na maoni matatu kwa kila picha hujisema yenyewe.

Nimuahidi nini? Nilitaka kusema nitavaa nembo yake kwenye kila shindano.

Ahadi hiyo huna mamlaka nayo. Sare ya timu ya taifa ina wadhamini wake, klabu au shule inaweza kuwa na wake pia, na sheria za mashindano huweka mipaka ya ukubwa na idadi ya nembo. Wakati wa Olimpiki, Kanuni ya 40 ya Mkataba wa Olimpiki huweka masharti juu ya matangazo yanayotumia jina na picha ya mwanariadha. Uliza klabu na shirikisho kwanza.

Ahidi kilicho mikononi mwako: picha mbili kwa mwezi ukiwa mazoezini na bidhaa yake, siku moja kwa msimu ya kuwafundisha watoto kukimbia chini ya jina lake, na ripoti fupi ya matokeo kila baada ya miezi mitatu, ikiwemo miezi uliyoshindwa. Wengi husahau ripoti, na bila hiyo mdhamini hana cha kumwonyesha bosi wake anapotaka kukuongezea mwaka wa pili.

Niliumia msuli wa paja mwaka jana. Nitaje?

Ndiyo, kwa sentensi moja: uliumia lini, ulirudi lini na umekimbia muda gani tangu uliporudi. Pengo kwenye matokeo yako ataliona tu, na usipolieleza atakisia jambo baya zaidi.

Mdogo wangu ana miaka 16. Anaweza kuandika mwenyewe?

Aandike mwenyewe, kwa sauti yake. Mkataba ukija, mzazi au mlezi ausome na kuusaini pamoja naye. Jina na simu ya mlezi ziwe kwenye barua tangu mwanzo.